Wakijibu «Nimeona» ao «Tutaona»: namna ya kufuata bila kumuchokesha mutu



Katika somo hili hatutazungumuza juu ya magonjwa ya mimea. Tutazungumuza juu ya mesaje ya simu. Lakini mutaona kwamba neno moja katika simu linaweza kuchelewesha shamba juma tatu, na maharagi hayamungojei mutu.

Sekretere wa koperative anatuma komande ya mbegu. Kisha siku mbili jibu linafika: «Nimeona.» Anauliza tena, anajibiwa: «Tutaona.» Hapo watu wa komite wanagawanyika. Wamoja wanasema: amekubali, tungoje. Wengine wanasema: anatuchezea, tumupigie kila asubui mpaka aseme ndiyo. Sisi tumeona makosa kwa pande zote mbili. Tuchukue mufano mumoja, tuufuate mpaka mwisho.

Komande yenyewe

Ni koperative ya milimani, Kivu ya Kusini. Wamemba 40, kila mumoja anatayarisha ari 25 za maharagi mafupi, yale yasiyopanda juu ya miti. Hiyo ni hektari 10. Wanahesabu kilo 80 za mbegu kwa hektari moja, kwa hiyo wanahitaji kilo 800.

Tarehe 28 ya mwezi wa saba, sekretere aliandikia mutu wa depo ya mbegu mesaje ndefu. Ndani yake kulikuwa salamu, hesabu ya wamemba, kilo 800, ombi la kupunguziwa bei, swali la kamyo, na swali kama mbegu ya mahindi iko pia. Jibu: «Nimeona.»

Tarehe 4 ya mwezi wa nane akaandika: «Jambo Papa, tunangojea jibu yetu.» Jibu: «Tutaona.»

Jibu fupi linasema nini, na halisemi nini

«Nimeona», «imepokelewa», «sawa nimeandika»: maneno haya yanasema kitu kimoja tu, kwamba mesaje imefika machoni pake. Hayasemi kwamba amekubali, wala kwamba ameweka kilo 800 pembeni kwa jina lenu. Musiandike katika daftari ya koperative «mbegu imepatikana» kwa sababu ya neno «nimeona».

«Tutaona» ni tofauti. Hapo ameelewa ombi, lakini kuna kitu kinamuzuia kusema ndiyo ao hapana. Mara nyingi ni kimoja kati ya vitu vitatu. Cha kwanza, hana uwezo wa kuamua yeye peke yake: bei inatolewa na mukubwa wake. Cha pili, anangojea kitu kingine: mbegu haijafika ao haijapimwa, ama wateja wengine waliotangulia hawajalipa. Cha tatu, anataka kusema hapana lakini anaona haya, kwa sababu munajuana na mutakutana sokoni.

Kwa kutofautisha, tusitazame kama neno ni la ukali ao la upole. Watu wengi wanaandika kwa ufupi kwa sababu wako barabarani, ama simu yao haina moto. Tutazame vitu viwili. Kwanza: je, ndani ya jibu kuna kitu cha kushika, ni kusema tarehe, kilo ao jina la mutu? «Tutaona kisha siku ya tatu, kamyo ikifika» ni jibu la mutu anayefanya kazi yenu. «Tutaona» peke yake si ahadi. Pili: je, swali letu lilikuwa rahisi kujibiwa? Katika mufano wetu, mesaje ya kwanza ilikuwa na maswali matatu, ya pili haikuwa na swali hata moja. «Tunangojea jibu» si swali. Kosa la kwanza lilikuwa kwa sekretere, si kwa mutu wa depo.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Mbele ya kuamua kama tutamufuata leo ao juma lijalo, tujue siku gani tunahitaji jibu kweli. Wengi wanafuata kufuatana na hasira yao. Sisi tunafuata kufuatana na kalendari ya shamba.

Kule milimani msimu A unaanza na mvua ya mwezi wa tisa. Koperative inataka kupanda tangu tarehe 15. Ukichelewa sana, mavuno ya msimu A yanachelewa, shamba halitayariki kwa wakati kwa msimu B wa mwezi wa pili ao wa tatu, na maharagi ya msimu B yanakutana na ukavu wa mwezi wa sita. Kuchelewa kumoja kunakula misimu miwili.

Sasa turudi nyuma. Kupanda ni tarehe 15. Kugawanya mbegu kwa wamemba 40 kunachukua siku tatu. Kuangalia kama mbegu inaota kunachukua karibu siku nane. Kwa hiyo mbegu iwe ndani ya depo ya koperative tarehe 1 ya mwezi wa tisa ao karibu nayo. Muuzaji anahitaji siku kama kumi za kupima, kufunga na kutafuta kamyo. Basi siku ya mwisho ya kujua ndiyo ao hapana ni tarehe 20 ya mwezi wa nane.

Tarehe hiyo inatupa utulivu. Tarehe 4 tulikuwa tungali na siku 16. Hakukuwa sababu ya kupiga simu kila asubui. Lakini hakukuwa pia nafasi ya kulala.

Kusukuma sana kunaleta nini

Watu wanazani kwamba kusukuma sana kunaleta matusi ao kukatiwa simu. Hatari kubwa ni ingine: kunaleta ndiyo ya uongo. Mutu akichoka na simu zenu, atasema «sawa, tarehe 30 mutapata», si kwa sababu mbegu iko, lakini kwa sababu anataka kupumuzika. Hapo munaacha kutafuta kwingine, na tarehe 30 hakuna kitu. «Tutaona» ya kweli ni bora kuliko «ndiyo» ya kukimbia. Kazi yetu ni kumusaidia aseme ukweli, hata kama ukweli ni hapana.

Mesaje iliyofungua mulango

Tarehe 11, kisha juma moja, sekretere alituma mesaje hii:

«Jambo Papa, habari ya kazi. Ni juu ya mbegu ya maharagi, kilo 800. Tunapaswa kupanda tarehe 15 ya mwezi wa tisa, kwa hiyo komite itaamua tarehe 20 ya mwezi huu. Tafazali, unaweza kutupatia (1) zote, (2) sehemu, (3) hapana msimu huu? Hata ikiwa hapana, hatutakasirika, tutatafuta kwingine na tutarudi kwako msimu B. Aksanti.»

Tuangalie ndani yake. Kuna swali moja tu. Mutu anaweza kujibu kwa namba moja, hata akiwa juu ya pikipiki. Sababu ya haraka ni mvua, si hasira ya komite. Tarehe ya kuamua ni ya kwetu: hatumwambie «jibu mbele ya tarehe 20», tunamujulisha siku ambayo sisi tutaamua. Na mulango wa kutokea uko wazi: anaweza kusema hapana bila kupoteza uso.

Jibu lilikuja siku hiyo jioni: «2.»

Ni fupi kuliko «tutaona», lakini lina kitu cha kushika. Sasa ndiyo wakati wa kupiga simu, kwa sababu kuna kitu cha kuzungumuza. Prezida, ambaye ni mama mwenye umri na anayeheshimiwa, ndiye aliyepiga. Akauliza bila kulaumu: «Papa, sehemu gani iko mukononi mwako leo?» Akajibu kwamba kilo 500 ziko. Kilo 300 zingine ziliombwa na kikundi kingine kilichotangulia, hakijalipa, na yeye hawezi kuziuzisha mpaka kiseme. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya «tutaona» yake. Hakuwa anacheza na mutu. Alikuwa kati ya wateja wawili.

Mama prezida akamaliza simu kwa kurudilia maneno: «Basi, 500 ni za kwetu, tunalipa sehemu siku ya kwanza. Za 300, tunaacha kuzihesabu.» Kisha sekretere akayaandika katika mesaje fupi, ili kila upande ubaki na alama. Safari hii jibu la «sawa» lilitosha, kwa sababu lilijibu kitu kilichokuwa wazi.

Zile kilo 300

Komite haikungojea tarehe 20 ikiwa mikono mitupu. Tangu tarehe 11, wamemba waliombwa kuchagua maharagi yao ya mavuno yaliyopita: punje nzima, za rangi moja, bila matundu wala madoa. Wakazipima hivi: punje 100 juu ya kitambaa chenye maji kidogo, kivulini, na kuhesabu zilizoota kisha siku nane. Zikiota karibu 90, panda kama kawaida. Zilizotoka kwa wamemba ziliota 75. Basi kwa kila kilo 100 wakaongeza kilo 20: mahali pa kilo 300 wakatayarisha 360. Kama zingeota chini ya nusu, tungewaambia wazipike.

Tuseme pia mupaka wa njia hii. Mbegu ya nyumbani inaweza kuota vizuri na bado kubeba ugonjwa usioonekana kwa macho. Kwa hiyo zilipandwa katika mashamba ya pembeni, mbali na mbegu iliyonunuliwa.

Kama hata swali la 1-2-3 halijibiwi?

Ngoja siku tatu za kazi, kisha badilisha njia, usirudilie mesaje ileile. Mwende kumuona kwa depo, mutu mumoja ao wawili, si komite nzima: watu sita mulangoni ni kama mashitaka. Ukimukuta, uliza swali lilelile. Akisema tena «tutaona», uliza kwa upole: «Tunangojea nini, Papa, na nani anaamua?» Swali hilo halimuombi ahadi, linamuomba habari tu. Akionyesha mukubwa wake, mwombe ruhusa ya kumuandikia, usimuruke. Na tarehe 20 ikifika bila kitu, hesabu kwamba ni hapana. Mutumie neno la mwisho: «Papa, tumepata njia ingine msimu huu. Aksanti, tutaonana msimu B.» Usiweke lawama ndani yake. Mwezi wa kwanza mutamuhitaji.

Zoezi kwa mukutano wenu

Fungueni simu ya koperative. Tafuteni mesaje tatu za mwisho mulizojibiwa «nimeona» ao «tutaona». Kwa kila moja, semeni: tuliuliza swali gani? Siku gani tunahitaji jibu, tukihesabu kwa kurudi nyuma toka shambani? Kisha andikeni upya ile moja ambayo siku yake iko karibu, kwa swali moja na majibu matatu, na muitume mbele ya mukutano kwisha.