Usiku wa Arusi: Sharia Yatoa Siku Saba, Sisi Twatoa Saa Moja

Katika darsa zetu za baada ya sala ya Isha huulizwa maswali mengi, na karibu yote huulizwa mbele ya watu. Liko moja lisiloulizwa hivyo hata siku moja. Mwenye nalo hungoja mpaka majamvi yamekunjwa na wenziwe wamekwenda zao, kisha humshika maalim mkono penye kizingiti, na kuanza kwa kusema kuwa ana rafiki yake aliyeoa juzi. Sisi twamjua huyo rafiki ni nani, wala hatumwambii.

Huenda wakatokea wa kutulaumu kwa kulitia jambo hili katika karatasi inayosomwa majumbani. Jawabu yetu ni kuwa Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Na vitabu vya fikihi tuvisomavyo msikitini vina milango mizima juu ya josho, jimai na haki za mume na mke, wala hatujamwona shekhe aliyeziruka kurasa zake.

Basi tutazameni vipi usiku ule ulivyo katika miji yetu. Bibi arusi ameamka tangu alfajiri. Amepakwa liwa, ametiwa hina, amefukizwa udi, ameketishwa mbele ya macho ya mamia ya wanawake, na huenda hajala kitu tangu asubuhi. Bwana arusi amesimama kutwa akipeana mikono, na kichwani mwake mna deni la ukumbi na la biriani. Saa sita za usiku mlango unafungwa nyuma yao. Wawili hawa pengine hawajapata kukaa peke yao hata robo saa. Na huko nje shangazi au somo angoja khabari, na pengine kingo shuka nyeupe inayotakiwa ionekane na damu kabla ya chai ya asubuhi. Zamani shuka ile ilikuwa na jina lake, ikiitwa kisarawanda, na ilipotoka ilipokewa kwa vigelegele. Leo nyumba nyingi zimeiacha, lakini kule kungoja hakukuachwa. Kumehamia katika simu. Kijana hajaamka vizuri, na tayari rafiki zake wamemwandikia kumuuliza kama ameshinda. Ati ameshinda! Kana kwamba alikuwa katika vita, na aliyelala ubavuni mwake ni adui.

Sasa na tutazame sharia yasemaje, maana wengi hudhani kuwa haraka hii ni ya dini. Anas bin Malik (R.A.) amepokea, na hadithi iko katika Bukhari na Muslim, kuwa sunna ya mtu mwenye mke kisha akaoa mwanamwali ni kukaa kwake siku saba kabla ya kurudi katika zamu, na akioa mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla yake, siku tatu. Wanavyuoni wameeleza sababu ya tafauti hiyo: mwanamwali haya yake ni nyingi zaidi na ugeni wake ni mkubwa zaidi, basi amepewa siku za kuuondoa. Angalia kuwa siku hizo zimetolewa kwa ajili ya kuzoeana. Fungate yetu nayo ni siku saba. Hesabu tunayo, lakini maana yake tumeiacha.

Tena katika madhehebu yetu ya Kishafi, mke akitaka apewe muda ajitengeneze kabla ya kuingiliwa, hupewa siku moja au mbili kwa kadiri aonavyo kadhi, mpaka siku tatu. Na mume aliyeshindwa kabisa, mkewe akamshitaki kwa kadhi, hapewi usiku mmoja wala mwezi mmoja. Hupewa mwaka mzima, kama alivyohukumu Sayyidna Umar (R.A.), kwa kuwa mwaka una nyakati zake zote, za joto na za baridi, na huenda tabia ya mwili ikarejea katika moja ya nyakati hizo. Akimwingilia hata mara moja katika mwaka huo, shauri limekwisha. Mizani gani basi hii yetu, ya kumhukumu kijana kwa saa moja ya usiku aliochoka kuliko usiku wowote wa maisha yake?

Na khofu yenyewe si mpya. Mtu mmoja alimwendea Abdullah bin Masud (R.A.) akamwambia kuwa ameoa msichana mwanamwali na akhofu kuwa atamchukia. Ibn Masud hakumcheka wala hakumpa dawa ya nguvu. Alimfahamisha kuwa mapenzi hutoka kwa Mwenyezi Mungu na chuki ni kazi ya shetani, akamwamrisha asali pamoja na mkewe rakaa mbili na kuomba dua. Sisi twaona katika jambo hili, zaidi ya thawabu, kuwa jambo la kwanza wanalolifanya pamoja ni jambo ambalo hakuna kushindwa ndani yake.

Tuje kwenye mwili. Dhakari husimama kwa damu kuingia na kukaa, na mishipa ya damu haifunguki ila mtu akiwa ametulia. Mtu akiingiwa na khofu, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo hupiga mbio, na damu huvutwa kwenda miguuni na mikononi. Kwa hiyo kijana anayejiamrisha asimamishe ndiye asiyesimamisha. Usiku wa pili huja akijitazama mwenyewe kama mlinzi, badala ya kumwangalia mkewe, na kule kujitazama ndiko kunakomshinda tena. Mwaka 1970 Wamarekani wawili, William Masters na Virginia Johnson, walitoa kitabu juu ya maradhi haya, wakaitaja khofu ya kushindwa kuwa miongoni mwa sababu zake kubwa.

Kwa mwanamke khofu hufanya kazi namna nyingine. Misuli iliyouzunguka mlango wa uke hujikaza yenyewe bila ya amri yake, kama jicho linavyojifumba kidole kikisogea. Na unyevu ambao mwili huutoa kwa utulivu na mapenzi hautoki. Mume akisukuma juu ya misuli iliyokaza na mahali pakavu, hapana ila maumivu na kuchubuka. Tangu hapo mwili wake umekwisha kujifunza kuwa jambo hili ni maumivu, na kesho utakaza zaidi. Mume aona amekataliwa. Mke aona ana kasoro. Kila mmoja amstahi mwenziwe, na kimya kinaingia. Wako waliokaa hivyo miaka, na jamaa wakiwauliza mtoto yuko wapi. Na wale wanaompa bibi arusi shabu ajikaushe wazidisha ubaya, kwa kuwa shabu huchubua ngozi ya ndani na huondoa unyevu ambao ndio kinga yake.

Ama damu, kizinda ni utando mwembamba wenye tundu, nao hauwi sawa kwa wanawake wote. Wako wenye utando laini unaonyooka tu, wasitoke hata tone, nao hawajaguswa na mwanamume. Mwezi wa Oktoba 2018 Shirika la Afya la Ulimwengu, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitoa tamko kuwa hapana kipimo cha mwili kinachoweza kuthibitisha ubikira. Wanavyuoni wetu walikuwa wameukaribia ukweli huu zamani: Kishafi, aliyeondokewa na kizinda kwa kuanguka au mfano wake hukumu yake ni ya mwanamwali yule yule. Basi anayemtuhumu mke kwa shuka safi na ajue kuwa tuhuma ya zina bila ya mashahidi wanne ni kadhfu, na hukumu yake imo katika Sura ya Nur.

Tutoe mfano mmoja, tulioubadilisha kidogo ili wenyewe wasijulikane. Kijana wa miaka 26 alitujia siku ya tano ya fungate, uso umemshuka. Usiku wa kwanza alishindwa. Wa pili alijaribu, mkewe akalia kwa maumivu, akaacha. Wa tatu alikunywa kidonge alichopewa na rafiki, kichwa kikamuuma mpaka asubuhi. Wa nne walipeana migongo.

Maalim alimuuliza, "Mwanangu, alfajiri ukiamka, mwili wako waamka?" Akasema, "Naam, maalim, kila siku." Hilo likatutuliza, kwa kuwa mwenye kuamka hivyo kwa kawaida mishipa yake ni mizima, na maradhi ni khofu. Akaambiwa mambo mawili tu. La kwanza, amwambie mkewe kwa ulimi wake kuwa kwa wiki mbili hapatakuwa na jimai, hata wakiitamani. La pili, kila usiku walale pamoja, wazungumze, washikane mikono, mgongo na nywele, na kila mmoja amwambie mwenziwe lipi lampendeza na lipi halimpendezi. Tupu wasizikaribie wiki ya kwanza.

Kijana aliona ni dawa ya ajabu, lakini ndiyo ile ile waifundishayo madaktari tangu Masters na mwenziwe: mtihani ukiondolewa, khofu haina pa kushika. Siku ya nne mwili wake ulisimama bila ya kuamrishwa, naye akauacha. Wiki ya pili mke mwenyewe, kwa kidole chake kilichopakwa mafuta laini ya duka la dawa, alijifunza kuilegeza misuli ile huku akivuta pumzi polepole, akikoma kila alipoumia. Waliingiliana baada ya siku 19, mke akiwa ndiye mwenye kuongoza mwendo. Tone la damu halikutoka. Mama wa kijana alikuwa amemuuliza mara mbili katika siku hizo, naye alimjibu kama tulivyomfundisha: "Mama, sisi tu wazima, tuombee dua." Maana Mtume (S.A.W.) amekataza kutangaza siri za kitandani, na katazo hilo halikumvua mama wala shangazi. Kumweleza tabibu kwa kutafuta dawa si kutangaza.

Si wote watakaopona kwa njia hii, na ziko alama za kutazama. Mume asiyeamka alfajiri kwa wiki nyingi na apimwe sukari, shinikizo la damu na homoni. Anayetumia dawa za moyo za namna ya naitreti asikaribie kabisa vidonge vya nguvu, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana huishusha damu ghafula na huweza kuua. Mke ambaye misuli yake haikulegea baada ya miezi miwili au mitatu na aende kwa daktari wa wanawake. Wako wanaoitibu hali hiyo kwa mazoezi na kwa vifaa laini vya kupanua kidogo kidogo, vikianza vyembamba kama kidole. Msichana aumwaye tumbo kila mwezi na hajapata kuona hedhi huenda utando wake umeziba kabisa, na huyo ahitaji upasuaji mdogo kabla ya arusi. Na damu ya usiku ule ikijaza kitambaa kizima kwa muda wa saa moja, apelekwe hospitali usiku huo huo, asingojwe somo wala asubuhi.