Kikao kinapokatika: kukagua mtandao na sauti kabla ya kumpigia fundi

Mwongozo huu ni kwa wafanyakazi wanaotumia Zoom kwenye kompyuta ya Windows. Unahusu maonyo mawili: lile la "Your internet connection is unstable", na lile linalosema kwamba maikrofoni au spika haijapatikana. Wengi wakiyaona hukimbilia kuifuta programu na kuisakinisha upya. Kazi hiyo inakula bando na muda, na mara nyingi tatizo hubaki palepale, kwa sababu onyo la kwanza linahusu njia ya mtandao na la pili linahusu kifaa au ruhusa yake. Ni nadra programu yenyewe kuwa na kosa.

Tuanze na mtandao. Kikao cha video hakidai kasi kubwa sana: picha nzuri ya watu wawili huhitaji takriban kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na kurudi, na sauti peke yake 60 hadi 80 tu. Kinachokiumiza ni data kuchelewa njiani au kupotea. Filamu hupakuliwa mapema kidogo na kuwekwa akiba, kwa hiyo mtandao ukiyumba kwa sekunde mbili huwezi kujua. Mazungumzo ya papo kwa papo hayana akiba ya namna hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kutazama video bila shida kisha kikao kikamkatikia, akaamini kwamba Zoom ni mbovu.

Kabla ya kugusa chochote, jua tatizo liko upande gani. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, kisha fungua dirisha hilo na uandike:

```
ipconfig
```

Tafuta mstari wa "Default Gateway" unaohusu waifai yako. Hiyo ndiyo anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Kisha ipime ruta kwa anwani uliyoiona, na baada yake upime anwani iliyo nje ya ofisi:

```
ping -n 20 192.168.1.1
ping -n 20 8.8.8.8
```

Tuchukue mfano wa ofisa ununuzi wa Mwanza aliyeanza kikao saa nne asubuhi, na onyo likawa linatokea kila baada ya muda mfupi. Majibu kutoka kwenye ruta yalirudi kwa milisekunde 2 hadi 5, yote 20. Hapo waifai ikawa haina lawama: hakuna haja ya kuhamisha meza wala kubadili kebo. Majibu ya nje yalikuwa 45, 48, kisha 900, kisha "Request timed out", kisha 50 tena. Ukiona namba zinazorukaruka hivyo ilhali ruta imetulia, shuku msongamano kwenye mstari wa kutoka nje, hasa upande wa kupakia. Alipotazama karibu na saa iliyo chini ya skrini, alikuta OneDrive inapakia picha za ghala alizohamisha asubuhi hiyo kutoka kwenye simu. Alibofya alama yake, akachagua "Pause syncing", akapima tena: majibu yote yakawa kati ya 44 na 60. Kama namba zingeendelea kuruka hata baada ya hapo, hatua ya pili ingekuwa kuuliza wenzake kama kuna anayetuma faili kubwa.

Mambo yakiwa kinyume, yaani ruta yenyewe inajibu kwa 300 au haijibu kabisa mara kadhaa, tatizo ni waifai. Sogea karibu na ruta, au chomeka kebo ya mtandao ikiwa ipo. Kama ruta inatoa mitandao miwili, wa 2.4 GHz na wa 5 GHz, chagua wa pili ukiwa chumba kimoja nayo. Ukitenganishwa na kuta mbili za tofali, ule wa kwanza hufika vizuri zaidi. Tahadhari moja: baadhi ya ofisi huzuia kabisa majibu ya `ping`. Majibu yakikosekana yote 20 huku tovuti zinafunguka kama kawaida, kipimo hicho hakikuambii kitu.

Wanaotumia hotspoti ya simu wana tatizo lao, na kwetu huku ni la kila siku. Pale ambapo laini haipokei simu za kawaida kupitia 4G, simu ikiita mtandao hushuka hadi 3G au 2G, au data husimama kabisa, na kikao kinaganda. Kwenye simu ya laini mbili, hata simu inayoingia kwenye laini nyingine huweza kufanya hivyo. Kwa kikao muhimu, tumia simu ambayo namba zake hakuna anayezipigia siku hiyo.

Ikiwa njia haitengenezeki kwa wakati, zima video yako. Kwa namba nilizotaja juu, sauti hupita mahali ambapo picha imeshindwa, na ni afadhali bosi akusikie bila kukuona kuliko akutazame umeganda na mdomo wazi.

Sasa onyo la sauti. Hapa pia swali la kwanza ni moja: je, Windows yenyewe inakiona kifaa? Fungua "Settings", kisha "System", kisha "Sound", utazame sehemu ya "Input".

Kama maikrofoni haipo hapo, Zoom haiwezi kuipata, na hakuna mpangilio wa Zoom utakaosaidia. Angalia plagi kwanza: kava la kompyuta au vumbi huizuia isifike mwisho. Hedifoni za Bluetooth nazo huenda zimeshajiunga na simu iliyo mfukoni mwako; zima Bluetooth ya simu, kisha uziunganishe upya na kompyuta. Na kompyuta nyingi za mezani hazina maikrofoni ndani yake, kwa hiyo onyo linasema kweli tupu.

Kama maikrofoni ipo na mstari wa sauti unacheza ukiongea, kosa liko kwenye ruhusa au uchaguzi. Ndani ya Zoom, bofya mshale mdogo ulio kando ya alama ya maikrofoni, uchague kifaa kwa jina lake. Kisipoonekana, rudi kwenye "Settings", fungua "Privacy & security", kisha "Microphone", uhakikishe "Let desktop apps access your microphone" imewashwa. Swichi hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu ile ya juu yake inaweza kuwa imewashwa na hii imezimwa. Funga pia programu nyingine za kupigia simu, maana huenda mojawapo imeishika maikrofoni.

Ikishindikana, anzisha upya kompyuta kwa kuchagua "Restart", si "Shut down". Windows nyingi huwa na mpangilio wa kuwaka haraka, ambao ukizima kompyuta huhifadhi hali ya mfumo na kuirudisha ilivyokuwa, pamoja na hitilafu yake. "Restart" huanza upya kabisa.

Kikao kikiwa kimeshaanza, usiwakalishe watu wakikungoja. Jiunge kwa simu ukitumia kiungo kilekile, uongee kupitia hapo, na uiache kompyuta ionyeshe nyaraka tu. Zima spika za kompyuta, la sivyo kila mtu atasikia mwangwi. Baadaye, ukimwandikia fundi, mpe maneno ya onyo yalivyo, saa lilipotokea, majibu ya vipimo vyote viwili, na kama kifaa kilionekana kwenye "Sound".