Dondoo muhimu: Jarida linalokubali kila makala

Barua pepe inakuita "Profesa Mheshimiwa" ilhali bado unasoma shahada ya uzamili, na inaahidi kuchapisha makala yako ndani ya siku tano. Shtuka. Uhakiki wa kweli huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi.

Nembo za DOAJ au Scopus zilizopangwa chini ya tovuti ya jarida zisikubabaishe. Yeyote anaweza kuzinakili. Chukua namba ya ISSN, uitafute mwenyewe kwenye doaj.org au katika orodha ya majarida ya Scopus, kisha ulinganishe anwani ya tovuti iliyoandikwa huko na ile uliyofungua. Kuna matapeli wanaoiba jina na namba ya jarida halisi, wakabadilisha anwani tu. Na ISSN hutambulisha jarida, haithibitishi ubora wake.

Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS ya India ilipe zaidi ya dola milioni 50. Kampuni hiyo ilikuwa ikificha ada mpaka makala ikubaliwe, na kutangaza wazungumzaji wa makongamano ambao hawakukubali kushiriki. Kwa hiyo uliza ada kwa maandishi kabla ya kutuma chochote, maana waandishi waliotaka kuondoa makala zao OMICS walizungushwa. Kwa kongamano, mwandikie mzungumzaji mmoja kupitia anwani yake ya chuo, umuulize kama anajua ametangazwa. Tazama pia ratiba: uhandisi, uuguzi na teolojia katika hoteli moja, siku moja? Nauli yako ibaki mfukoni.