Ruta Moja Dukani: Jinsi ya Kuzuia Tableti ya Malipo Isikwame

Mteja amelipa na esemesi amepata, lakini tableti yako bado inazunguka. Keshia anamwambia, "Hebu jaribu tena." Akilipa mara ya pili, sasa mnaanza kushughulikia kurudishiwa pesa huku foleni inangoja. Mara nyingi shida iko kwenye ruta.

Kasi inaishia wapi?

Tuchukue duka la nguo lenye kamera mbili. Pima kasi usome namba ya `Upload`, yaani kasi ya kutuma. Tuseme ni megabiti 5 kwa sekunde. Kila kamera ikituma video mtandaoni kwa megabiti 2, zote mbili zinakula 4. Inabaki 1. Mteja akiunganisha simu kwa Wai-Fai yako na kupandisha video, hiyo moja imeisha. Malipo ni data kidogo sana, lakini yanapanga foleni nyuma ya video.

Mpango wetu

Kwanza, punguza mzigo wa kamera. Ziwekee kadi za memori, na mtandaoni zitume tu zinapoona mtu akisogea. Kwa megabiti 2, kamera hujaza karibu gigabaiti 22 kwa siku, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 64 hubeba siku tatu hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani.

Pili, fungua `Guest Network` kwenye ruta na uwape wateja hiyo peke yake. Zima `Allow guests to access my local network`, ili mgeni asifikie tableti wala kamera. Kama ruta yako ina `Bandwidth Control`, wawekee wageni kikomo cha megabiti 1 ya kutuma.

Tatu, tableti na kamera zibaki kwa mtandao mkuu, ambao nenosiri lake wateja hawalijui. Tableti itumie 5 GHz ikiwa iko karibu na ruta. Kamera nyingi hutumia 2.4 GHz, ambayo pia hupenya ukuta vizuri zaidi. Badilisha nenosiri la kiwandani la kila kamera na la ruta yenyewe, kwa sababu hapa kamera na tableti bado ziko pamoja.

Hakikisha

Unganisha simu yako kwa mtandao wa wageni, kisha uandike anwani ya ruta kwenye brauza, kwa kawaida `192.168.0.1` au `192.168.1.1`. Jaribu na anwani ya kamera pia. Ukurasa wowote ukifunguka, wageni bado hawajatengwa.

Mpango huu hausaidii stima ikipotea au intaneti yenyewe ikikatika. Weka laini yenye bando kwenye tableti kwa siku hizo. Na ikikwama hata hivyo, angalia salio na taarifa ya miamala ya duka kwa simu kabla ya kumwambia mteja alipe tena.