Mteja amekuandikia "matapeli"? Usijibu kabla ya kufungua daftari

Wiki hii kijana mmoja wa hapa Bukundi anayeuza vifaranga alinionyesha simu yake. Mteja wa Bariadi alikuwa amempa nyota moja: "Matapeli. Nimenunua vifaranga 50, siku mbili wamekufa 14. Nikipiga simu hampokei."

Jibu alilotaka kutuma lilikuwa hili: "Kwanza hukuuliza jinsi ya kuwatunza. Sisi tunachanja, wateja wengine hawalalamiki. Chakula nacho kimepanda bei, simu ilizima chaji, na vifaranga kufa ni kawaida. Labda banda lako lina baridi. Usituharibie jina."

Nikamwambia asubiri, kwanza tujue walikufaje. Kama vifo vinaongezeka kila siku, na vifaranga wamezubaa, wanaharisha kijani, hofia ugonjwa kama kideri: mwite mtaalamu wa mifugo, wala usipeleke vifaranga wengine kwenye banda hilo. Kama walifika wanahema midomo wazi, wakafa mapema, kisha vifo vikakoma, angalia safari.

Tulimpigia mteja. Walifika wakihema, na waliobaki 36 wanakula vizuri. Daftari likaonyesha chanjo ya kideri ilitolewa siku ya 7, na boksi lilipanda basi saa sita mchana. Boksi lenyewe lilikuwa na matundu manne tu.

Ndipo tukaandika upya:

"Ndugu mteja, pole sana kwa vifaranga 14. Kutopokea simu zako ni kosa letu. Tumekagua: walichanjwa kideri siku ya 7, lakini tuliwasafirisha mchana wa jua kwenye boksi lenye matundu machache, na tunaamini joto ndilo lililowaumiza. Jumamosi asubuhi utapokea 14 wengine bila malipo. Kuanzia sasa tunasafirisha alfajiri tu, na boksi lina matundu pande zote. Asante kwa kutuambia."

Tazama kilichotoka: bei ya chakula, chaji, wateja wengine na banda la mteja. Havimrudishii mtu kifaranga hata kimoja. Chanjo imebaki kwa sababu daftari linaithibitisha. Neno "tunaamini" nalo limewekwa makusudi, maana hatukuwapasua kuona kilichowaua.

Na kama kosa si lako? Bado mpe pole, taja ulichokiandika kwenye daftari mara moja, kisha mwombe mzungumze kwa simu. Usianike namba yake wala risiti yake hadharani. Ila kama huna daftari, usidai ulichanja. Mteja akikuomba tarehe ya chanjo mbele ya watu, utajibu nini?

Jumamosi vifaranga 14 vikaondoka na basi la alfajiri. Mteja hajafuta nyota yake moja, na hatukumwomba afute. Anayesoma malalamiko yale sasa anaona na jibu chini yake.