Wananiita "Tairi", nijibu nini?

*Shikamoo Shangazi. Nasoma darasa la sita hapa Morogoro. Kiatu changu kilitoboka, mama akakipeleka kwa fundi kikatiwa soli ya tairi. Tangu siku hiyo kuna mvulana wa darasa la saba ananiita Tairi. Tukiwa tunaelekea mstarini ananipigia kelele, "We Tairi, leo umejaza upepo?" na wenzake wanacheka. Wiki iliyopita nilimjibu kwamba bora mimi tairi kuliko yeye aliyerudia darasa. Akanikaba shati. Juzi akanivizia nyuma ya vyoo, akamtukana marehemu baba yangu. Rafiki yangu anasema nitafute maneno makali zaidi. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, hasa kwa hilo la baba.

Rafiki yako anakutakia mema, lakini maneno makali ndiyo yaliyokufikisha kwenye kukabwa shati. Ulipotaja kurudia darasa ulimgusa penye kidonda, tena mbele ya wenzake. Akajiona hana njia ya kurudi nyuma ila kwa mikono. Na wenzake walikuwa wameacha kucheka. Sasa wanasubiri ngumi.

Huyo kijana anapokuita Tairi mbele ya watu, anataka vitu viwili: wenzake wacheke, na wewe unune. Kicheko huwezi kukizuia. Kununa ni kwako. Kwa hiyo kubali jina lenyewe na ulisogeze mbele kidogo ya pale alipolifikisha yeye. Akiuliza kama umejaza upepo, mwambie, "Nimejaza, ila breki bado. Nipisheni!" Halafu pita. Wakicheka, wanachekea maneno yako, na yeye hujamgusa popote, hivyo hana cha kulipizia.

Yasemwe mafupi, kwa sauti ileile unayomwitia rafiki mpirani, na miguu isisimame. Wengi huharibu hapo: wanasema neno zuri kisha wanabaki wamesimama kuangalia nani amecheka, na kule kusimama kunamkaribisha mwenzako ajibu. Fanya mazoezi nyumbani na ndugu yako. Yeye akuite Tairi, wewe ujibu, mpaka sauti iache kutetemeka. Na usirudie utani huo kesho yake. Akirudia jina, mpungie mkono uendelee na safari. Usiguse umbo lake, kwao wala mama yake, hata kama yeye ameanza.

Utazame pia uso wake. Akicheka, au akaguna na kugeukia mambo mengine, utani umefanya kazi. Akiacha kucheka, akashusha sauti na kukusogelea, utani umekwisha, hata ukiwa na neno tamu kiasi gani mdomoni. Hapo ondoka.

Nyuma ya vyoo ni jambo jingine kabisa. Kule hakuna wa kucheka, kwa hiyo utani hauna kazi. Aliyekuvizia mahali pasipo na watu hatafuti kicheko. Usimjibu. Usimpe mgongo mapema. Sogea pembeni huku unamwona, kisha tembea kwa haraka kuelekea waliko watu: kwa mwalimu wa zamu, au kwa mama anayeuza maandazi getini kama ndiye aliye karibu. Akikushika, piga kelele ukimbie, wala usione haya. Kwa sasa vyooni nenda na mwenzako.

Na baba yako si wa kufanyiwa utani na mtu huyo, popote pale. Tunao utani mkubwa nchini, Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana hadi msibani, lakini wale ni watani: huyu anasema, yule anajibu, na wote wawili wanajua hakuna anayechukia. Kijana huyu hajakupa nafasi hiyo. Akimtaja marehemu mbele ya watu, sema tu, "Hilo sijibu," uondoke. Ukitokwa na machozi njiani, yaache yatoke. Umefiwa.

Suala la kukabwa shati na kuviziwa lipeleke kwa mwalimu wa darasa wiki hii. Usiseme tu "ananionea," kwa sababu mwalimu husikia hivyo kila siku na anaweza kukwambia msameheane. Mweleze siku, mahali, maneno yenyewe na nani alikuwepo. Ukishindwa kutamka tusi la baba, liandike kwenye karatasi umpe mkononi.

Mama naye aambiwe. Nahisi umemficha usije ukamfanya ajisikie vibaya kwa sababu ya kile kiatu. Anza na habari ya shati na vyoo, kiatu kije baadaye, na umwombe afuatane nawe shuleni siku utakayokwenda kumwona mwalimu.