"Mmefahamu?" "Ndiyo, Ustadh!"

Nafundisha darsa baada ya Maghrib katika msikiti mmoja wa mjini. Ramadhani moja nilieleza zaka ya biashara, kisha nikauliza kama kawaida: "Mmefahamu?" Wote wakaitikia: "Ndiyo, Ustadh!" Nilipotoka barazani kuvaa viatu, nikamsikia mwenye duka mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Hivi friji nayo inahesabiwa?" Mwenzake akajibu: "Hata mimi nilitaka kuuliza, nikaona watu wote wameelewa."

Wiki iliyofuata niligawa vikaratasi visivyo na majina, vyenye swali moja. Duka lina bidhaa za shilingi milioni 40 kwa bei ya sasa ya soko, fedha taslimu milioni 4, na rafu na friji za milioni 6. Halina deni, mali imefika nisabu na mwaka umetimia. Zaka ni kiasi gani?

Wengi walikosea. Baadhi walijumlisha rafu na friji, wakapata 1,250,000. Wengine walihesabu taslimu pekee, wakapata 100,000. Jibu ni asilimia 2.5 ya milioni 44, yaani 1,100,000, kwa sababu vifaa vya kufanyia kazi havitolewi zaka. Huyo wa 100,000 angebaki na milioni moja ya maskini mfukoni mwake, akiamini ametekeleza nguzo.

Kwa nini walinyamaza? Mwaka 1987 watafiti wawili wa saikolojia, Dale Miller na Cathy McFarland, waliwapa wanafunzi makala iliyoandikwa makusudi isieleweke, wakaambiwa anayekwama aje kuuliza. Hakwenda hata mmoja. Kwa wastani, waliamini wenzao wameelewa kuliko wao. Siri iko hapa: kimya changu najua kimetokana na aibu, lakini kimya chako nakitafsiri kuwa ni ufahamu. Hivyo sote tunadanganyana bila mtu kusema uongo.

Mikutano yetu ni hivyo hivyo. Mwenyekiti anauliza, "Kuna anayepinga?" Kimya. Uamuzi unapita, na lawama zinaanzia nje ya mlango.

Kunyoosha mikono hakusaidii, maana kila mtu huangalia kwanza mkono wa jirani. Karatasi ya siri husaidia, ila kwa sharti kwamba majibu yasomwe mbele ya wote. Niliposoma yale ya darsa langu, watu walicheka, kisha maswali yakamiminika mpaka adhana ya Isha. Walikuwa wamejua kwamba hawako peke yao.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Kura haibadilishi hukumu ya zaka. Inafichua tu nani hajaielewa. Na Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Siku hizi siulizi tena "Mmefahamu?" Nagawa vikaratasi.

Wabillahi tawfiq.